Dirisha, Aliyewaonyesha Harusi Walio Mbali

Mwalimu wetu wa kisomo amenifuata kama nzi afuatavyo kidonda. Kila tukikutana darasani ni hilo hilo, Bibi wenzako wameshaleta, wewe unangoja nini. Eti kila mmoja wetu amwandike mtu wa kawaida anayemjua vizuri, tukimaliza zitashonwa kitabu wasome watakaokuja nyuma yetu. Nilimwambia kwamba nilijifunza kuandika meno yakiwa yameanza kuniaga, na mtu wa namna hiyo hasukumwi. Akacheka. Mimi sikucheka. Ningenyamaza mpaka achoke, ila nimesikia kuna mwanamke wa safu ya mbele anataka kumwandika mtoto wa ndugu yangu, na yeye anamjua kwa umbea tu. Basi kalamu nimeishika. Herufi zangu ni kubwa, karatasi zitakwisha, mtaongeza nyingine.

Mtu wangu ni binti wa kwanza wa mdogo wangu wa kiume, kwa hiyo mimi ni shangazi yake. Jina lake halina kazi hapa, sisi sote tunamwita Dirisha. Ana kibanda nyuma ya kituo cha mabasi, anatoa kopi, anapiga picha za vyeti na vitambulisho. Ni mrefu, ana mabega ya kuinama kwa sababu ya ile mashine ya kopi, na anapozungumza nawe anakutazama kana kwamba anapima kama utaenea kwenye karatasi. Hakuolewa. Mdogo wake akimtania kwamba ameolewa na mashine, alikuwa anajibu kwamba angalau mashine ikikwama inaonyesha taa nyekundu.

Jina la Dirisha lilitokana na kazi aliyoianza bila kutumwa na mtu. Ukoo wetu umetawanyika kama punje zilizomwagika. Wengine wako nchi za watu wanalea wazee wasio wao, wengine wako migodini, wengine wagonjwa. Kukiwa na harusi, wale wa mbali walikuwa wanapata habari kwa vipande. Huyu anatuma picha ya sahani yake, yule ya kiatu chake, mwingine video ya nusu saa inayotikisika, unaona migongo ya watu na kusikia kelele. Kundi la ukoo kwenye simu linajaa mpaka simu zinakuwa moto, na aliye mbali anaishia kulifunga mlio. Kesho yake anauliza, kwani harusi ilikuwaje? Ameletewa mafuriko, na bado ana kiu.

Dirisha aliliona hilo akakasirika. Ni mtoto anayekasirika kwa vitendo. Akaanza kutengeneza kundi la pembeni kwa kila shughuli, la wale wasiofika tu, na kabla ya kumwingiza mtu anamuuliza kwanza kama anataka. Kundi la ukoo analiacha lipumue. Huko anapeleka picha moja ya maharusi jioni, na maneno mawili, basi. Kwenye lile la pembeni, asubuhi anaandika watakachoona na lini, maharusi wakiingia, viapo, pete, keki, picha ya familia, na kwamba katikati ya hapo hatawasumbua, mtu aweke simu chini afanye kazi zake. Anapiga picha nyingi, anachagua chache. Hatumi moja moja ikawa simu inalia kama kuku anayetaga. Anazifunga pamoja zinafika kwa mlio mmoja. Video zake ni fupi kuliko kikohozi, ili zisile vifurushi vya watu.

Na chini ya picha anaandika. Hapo ndipo alipowashinda wote. Hakuandika "tumependeza" kama wengine. Aliandika, huyu anayefuta macho kwa tai ni mjomba, ameazima tai kwa jirani. Ukumbi una harufu ya rangi mpya. Mama mkwe amekaa mwenyewe safu ya pili, amekataa kiti cha mbele. Picha isipofunguka kwa sababu mtandao mbovu, maneno yanabaki, na wewe umeshaingia ukumbini. Tena aliwauliza wa mbali wanataka kuona nini. Mmoja anaomba viatu vya bibi harusi, mwingine anataka sauti ya wifi akicheka. Anawatafutia. Salamu zao anazisoma mbele za maharusi, kwa jina la kila mmoja. Ndugu yetu aliyekaa ughaibuni miaka alimwambia, mwanangu, wewe ndiye dirisha letu. Jina likaganda. Hata chama cha mafundi cherehani walipofanya mkutano wao mkuu walimwita, awapashe habari wenzao wa matawi ya mbali, na mwenyekiti akalalamika kwamba amewekewa picha moja tu. Dirisha alimwambia wa mbali wameshamwona, hajabadilika.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, maana najua ndilo mnalolinusa.

Mdogo wake Dirisha, kitinda mimba wa ndugu yangu, alipata mchumba. Mchumba ni fundi seremala, na kazi yake kubwa ni majeneza. Karakana yake iko karibu na hospitali, yamesimama ukutani yakingoja wenyewe. Kijana mpole, mikono safi kuliko ya daktari. Lakini ndugu yangu wakati huo alikuwa ameanza kuugua mapafu, pumzi inakuja kwa mkopo, na alipoambiwa mkwe wake ni nani alisema hampi binti yake mtu anayemtazama kwa kumpima urefu. Nami nilisema. Nilisema mengi, na nilisema mbele ya watu. Mimi sina maneno ya chumbani na maneno ya ukumbini, ninayo ya aina moja.

Kitinda mimba akalia, akaapa ataolewa hivyo hivyo. Baba na binti wakakaa miezi hawasemeshani. Aliyekuwa anapita katikati yao ni Dirisha, anabeba salamu ambazo hakutumwa, anamwambia huyu Baba kakuulizia, anamwambia yule mtoto kakuulizia. Wote wawili walijua anadanganya, na wote wawili walimwachia adanganye.

Ndugu yangu alipozidiwa akapelekwa hospitali ya rufaa, mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mimi ndiye niliyekwenda kumuuguza. Huko kitandani moyo wake ukageuka. Mkwe alipanda basi akaja, akakaa kwenye benchi la wageni, wakati wa kuona wagonjwa ulipofika akaingia akamkata kucha. Hakusema neno juu ya ndoa. Alimkata kucha za mikono na miguu, akazikusanya kwenye karatasi, akaaga. Jioni ndugu yangu akaniambia, "Dada, yule mtu ana mkono mwepesi." Nikajua yamekwisha.

Dirisha akapeleka habari kwa mdogo wake kwamba Baba amekubali. Safari hii ilikuwa kweli, na safari hii hakuaminiwa. Kitinda mimba alisema ameshachoka na salamu za kutengenezwa. Kama Baba amekubali, basi aseme kwa kinywa chake, ukumbini, mbele za watu, kabla ya viapo. Akisikia hivyo moyo wake utatulia. Asiposikia, ataolewa kama yatima.

Ndipo Dirisha akapanga. Kupiga simu wakati ule hakukuwezekana, maana pumzi ya ndugu yangu haikuja kwa miadi. Alikuwa anaweza kusema maneno machache, akapumzika, akasema tena. Basi ikaamuliwa siku hiyo hiyo, karibu na wakati wa viapo, akijisikia nafuu, arekodi sauti aitume kwenye kundi la walio mbali. Hivyo wa mbali wataisikia, na papo hapo Dirisha ataunganisha simu na spika za ukumbi, na mshereheshaji atatangaza kwamba baba wa bibi harusi ana neno. Ndugu yangu alifurahi. Alifanya mazoezi ananitazama mimi, kana kwamba ni mimi ninayeolewa.

Siku ya harusi ilipofika, wa mbali wakaanza kuharibu mapema. Kuna mjomba mmoja tunamwita Maua, kwa sababu hajui kujibu chochote bila kutuma maua. Alianza alfajiri. Maua, mishumaa, sala ndefu za kunakiliwa, nyimbo. Wengine wakamwitikia, hongera, hongera, hongera. Picha za kwanza za Dirisha, bibi harusi akisukwa, zikazama chini ya maua kama senti ndani ya kisima. Na kwenye harusi iliyotangulia, ya binamu yao, jambo kama hilo lilimfanya ndugu yetu wa ughaibuni, anayefanya kazi usiku na kulala mchana, ajitoe kundini kimya kimya. Dirisha aliumia sana siku ile. Hakutaka aliye mbali afukuzwe na kelele za waliomo.

Kwa hiyo akafunga kundi. Simu ina namna hiyo, msimamizi wa kundi anaweza kuamuru kwamba wasimamizi peke yao ndio watume, wengine wasome tu. Aliandika kwa adabu kwamba ndugu zangu, nimefunga mlango kwa muda ili picha zisipotee, nitaufungua baada ya viapo mseme yenu yote nami nitawasomea maharusi. Halafu akaongeza, "Baba peke yake nimemwachia mlango wazi."

Na kweli alimwachia. Alichukua namba ya baba yake akaifanya msimamizi pamoja na yeye, ili aweze kutuma. Kwa kazi ya simu hakukosea hata chembe.

Ila simu ya ndugu yangu ilikuwa imezimika kwenye droo. Wodini kulikuwa na tundu moja la umeme upande wetu, na tundu hilo lilikuwa na mashine ya hewa ya mgonjwa mwenzetu. Nani ang'oe hewa ya mtu achaji simu? Ndugu yangu tangu juzi yake alikuwa anatazama kwenye simu yangu, ambayo ina kioo kikubwa na sauti ya kupasua, nayo niliichaji kwa wauguzi kwa kubembeleza. Hatukumwambia Dirisha. Kwa nini tumwambie? Picha zilikuwa zinafika, na tulikuwa tunaziona wote wawili, vichwa vimegusana. Mimi niliposoma kwamba Baba ameachiwa mlango, nilielewa ameachiwa mtu. Kumbe imeachiwa simu.

Asubuhi yote tulitazama. Siwezi kusema uongo, Dirisha alifanya kazi ya kuandikwa. Tuliona gari linavyoingia. Tuliona bibi harusi amesimama mlangoni, na chini imeandikwa, ameshika mkono wa mjomba lakini anatazama kiti kilichoachwa wazi cha Baba. Ndugu yangu aliomba nimsomee hiyo mara nyingi. Nasoma polepole, nafuata kwa kidole, naye ananisubiri kila herufi. Mimi nilimwandikia Dirisha pembeni, kwenye mazungumzo yetu sisi wawili, kwamba mbona viatu havionekani, mbona mama mkwe kavaa rangi ile, na nikampigia simu nimuulize nani kaweka mapazia ya namna hiyo. Hakupokea. Baadaye nilijua kwamba simu ile ya kazi aliinyamazisha yote, isilie wala isitikisike, ili imwache apige picha.

Wakati ukafika. Ikaja picha ya meza ya viapo, na maneno, sasa tunamsubiri Baba. Nilimwinua ndugu yangu kwa mito. Nikafungua kundi nitafute kile kipaza sauti kidogo cha kubonyeza. Hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na maandishi, nikayasoma kwa kidole, wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe.

Nikatoka nikarudi tena kundini, labda itabadilika. Maandishi ni yale yale. Ndugu yangu akaniuliza, "Dada, wamefunga?" Nikamwambia subiri. Akasema, "Waache. Labda mtoto amebadili mawazo, hataki sauti yangu." Alisema bila hasira, na hicho ndicho kilichoniuma.

Nikakumbuka kwamba kwa Dirisha peke yake, kule nilikolalamikia viatu, kipaza sauti kipo. Nikafungua huko. Nikamshikia simu mdomoni. Ndugu yangu akavuta pumzi akasema, na haya nayaandika kama yalivyo, maana nimeyasikiliza mpaka nayajua kwa moyo:

"Mwanangu, fundi wako nimempokea. Niliogopa kazi yake, sikumwogopa yeye. Mimi nipo hapo kwenye kiti changu. Sema kiapo chako, nakusikia."

Nikaachia kidole, ikaenda. Ikaonyesha imefika. Tukangoja. Nikampigia Dirisha, nikampigia tena.

Sasa niwaeleze ya ukumbini kama nilivyoyapata kwa watu waliokuwepo na kwa Dirisha mwenyewe. Mshereheshaji alitangaza kwa mbwembwe kwamba ndugu wageni, kimya tafadhali, baba wa bibi harusi yuko kitandani lakini ana neno kwa mwanawe. Watu wakanyamaza, hata wapishi wakaja mlangoni. Dirisha yuko kando ya spika, waya umechomekwa, jicho kwenye kundi. Hakuna kitu. Akampigia baba yake kwa simu yake nyingine, akaambiwa namba haipatikani. Mshereheshaji akatia utani kidogo kujaza pengo, kwamba wazee wa zamani hawaongei mpaka wakohoe kwanza. Watu wakacheka kidogo, halafu hawakucheka.

Kitinda mimba akamuuliza dada yake kwa macho. Dirisha akatikisa kichwa, akanong'ona kwamba simu ya Baba imezimwa.

Na wakati huo huo sauti ya baba yao ilikuwa kwenye kiganja chake. Ilikuwa imekaa katikati ya rundo. Maana wale waliofungiwa kundini, Maua na wenzake, hawakunyamaza, walihamia kwa Dirisha mmoja mmoja, hongera zao zote zikamiminika kwake. Mafuriko aliyoyazuia mlangoni yalimzunguka yakaingilia nyuma. Lakini sitamwongezea wala kumpunguzia, mwenyewe alinieleza wazi. Aliiona. Aliona jina langu limepanda juu, na alama ya sauti. Nilipomuuliza kwa nini hakufungua, alijibu ameinamisha uso, "Shangazi, nilidhani unatukana."

Alidhani Baba amekataa, akazima simu, na mimi niliyempinga yule kijana mbele ya watu sasa nimepata nafasi ya kumalizia. Waya uko kwenye spika. Angebonyeza, na ukumbi mzima ungenisikia. Akaogopa kumwaibisha mdogo wake siku yake. Akaiacha.

Watu wetu sasa wanasema ni ulimi wangu uliofanya yote. Waseme. Ulimi huu huu ndio uliowatetea walipokuwa wadogo.

Bibi harusi akamwinulia mshereheshaji mkono aendelee. "Amezima," alisema, na walio mbele wakasikia. Akala kiapo chake uso mkavu. Dirisha alipiga picha za kiapo, akachagua, akazituma kwa mlio mmoja, na chini hakuandika kitu. Sisi wodini tuliziona. Ndugu yangu akauliza kwa nini safari hii hakuna maneno. Nikamwambia labda ana kazi nyingi.

Baada ya keki akafungua kundi kama alivyoahidi, na maua yakamwagika. Nami nikatuma kundini, kwa herufi zangu zote kubwa, BABA ALISEMA, TAZAMA KWAKO. Ikazama kwenye maua. Hakuiona mpaka aliporudi kibandani kwake jua likishuka, ameweka simu kwenye chaji, akaanza kupitia salamu ajue za kumsomea mdogo wake. Akafika kwangu. Akabonyeza. Akaisikiliza mpaka mwisho, akairudia.

Mtu mwingine angeifuta. Nani angejua? Yeye asubuhi aliibeba mpaka kwa maharusi. Kitinda mimba alisikiliza kidogo akasema Baba amesema hayo baada ya kuambiwa watu wamenuna. Dirisha akamwonyesha muda ulioandikwa pembeni ya sauti. Yule mtoto akautazama. Akatazama na picha ya meza ya viapo na muda wake. Dirisha alidhani atafurahi. Badala yake akamwambia, taratibu, "Kwa hiyo ulikuwa nayo mkononi wakati nakutazama."

Tangu hapo hawajasemeshana tena. Mume, yule fundi, amejaribu. Alikwenda kibandani akasimama na kofia mkononi, akasema mke wangu ana hasira ya kupita. Lakini haikupita. Hasira juu ya baba ilikuwa imekaa moyoni mwa kitinda mimba miezi, na ilipokosa pa kukaa ikahamia kwa dada.

Kitinda mimba alipanda basi akaja hospitali na sauti ile kwenye simu yake, akitaka kumwambia baba yake kwamba ameisikia. Alimkuta amewekewa mpira kooni. Hasemi. Madaktari wanasema sauti hairudi, na hata hicho kingine wanachosema nakijua bila kuambiwa. Mtoto alikaa kitandani, akacheza ile sauti, na ndugu yangu akajisikiliza mwenyewe anazungumza. Machozi yakamtoka pembeni. Halafu akaniashiria kwa kidole, anachora mraba hewani, mraba na mraba. Mtoto hakuelewa. Mimi nilielewa. Alikuwa anamuulizia Dirisha. Kitinda mimba alipotambua, alisimama akasema anawahi basi.

Na Dirisha haji. Nimemwita, anasema akikaa mbele ya baba yake ataombwa aeleze, na mtu asiyeweza kusema huwezi kujua kama amekusamehe. Kundi amelivunja. Simu ya kazi ameizima, iko kwenye boksi la karatasi za kopi. Wale mafundi cherehani walimfuata tena kwa mkutano wao akawaambia watafute mtu. Msiba ulipotokea upande wa marehemu mama yao, wa mbali waliletewa mafuriko kama zamani, na ndugu yetu wa ughaibuni aliandika, Dirisha yuko wapi? Hakuna aliyemjibu. Mnajua kunyamaza ninyi, mkitaka.

Anafungua kibanda, anatoa kopi, anafunga. Amekonda. Juzi nilirudi kubadili nguo nikapita kwake, nikamkuta anapiga picha ya kitambulisho, mteja anamwambia nitabasamu? Akamjibu vyovyote. Zamani angemwambia neno mpaka acheke, ndipo abonyeze.

Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja. Nilitaka kumwambia kitu, na mdomo huu usioshindwa ulishindwa. Yeye ndiye aliyesema, bila kunitazama, anapanga karatasi, "Shangazi, nilitaka tu wasisumbuliwe."

Nikarudi hospitali.

Basi Mwalimu, mtu wako wa kawaida ndiye huyo, na sijui kama umefurahi. Nawe unayesoma, usifunge kitabu ukasema maskini. Wengi wenu humu ni wa ukoo au majirani wa ukoo, na wengi aliwaonyesha harusi zenu na za watoto wenu, mkakaa mbali mkaona kama mko safu ya mbele. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwake. Nenda. Usimpigie, simu imezimwa, na maua yako usimtumie. Kibanda kiko nyuma ya kituo cha mabasi, kina mlango wa bati wa kijani. Kaa kwenye kile kiti, mwambie ulichokiona siku ile kwa sababu yake, kimoja tu, ukieleze vizuri. Akikufukuza, kaa. Halafu mpandishe basi umlete huku wodini, upesi, maana ndugu yangu bado anachora ule mraba na mimi sijui nimwambie nini.